Asilimia Kumi ya Kila Nini?

Mkopeshaji akikwambia riba yake ni asilimia kumi, swali la kwanza linalokutoka mdomoni ni moja: kwa mwezi au kwa wiki? Bila jibu hilo, ile kumi haina maana. Watu wanaotunga gemu za simu na kompyuta huandika asilimia kumi ya namna hiyo kila siku, na wengi wao husahau kuuliza swali hilo.

Chukua gemu ya mbio za pikipiki. Kamera humfuata dereva kwa nyuma, na ikimganda kama kupe, kila mtikisiko wa barabara humfikia mchezaji machoni. Kwa hiyo mtunzi huifanya kamera imfuate kwa ulaini: pikipiki ikichomoka ghafla, kamera inaondoka kwa kasi, halafu inapunguza mwendo taratibu kadiri inavyokaribia. Ulaini huo wote hupatikana kwa mstari mmoja wa kodi:

```
x = lerp(x, lengo, 0.1)
```

Kazi ya `lerp` ni kutafuta nukta iliyo kati ya mbili. Ukiipa namba 0 inabaki mahali pa kwanza, ukiipa 1 inafika mahali pa pili, na ukiipa 0.5 inasimama katikati. Hapo juu imeagizwa hivi: toka ulipo, tembea sehemu ya kumi ya masafa yaliyobaki hadi kwenye lengo. Agizo hilo hurudiwa katika kila fremu, yaani kila picha mpya inapochorwa kwenye skrini. Masafa yaliyobaki yanazidi kupungua, na hatua zinapungua pamoja nayo. Ndiyo maana mwendo unaonekana mlaini.

Tatizo limejificha katika maneno “kila fremu”. Kompyuta ya mtunzi huchora fremu 60 kwa sekunde. Simu ya bei nafuu inaweza kuchora 30, na skrini ya wapenzi wa gemu 144. Sehemu ya kumi inakatwa mara 60 kwa mmoja, mara 30 kwa mwingine na mara 144 kwa wa tatu, ndani ya sekunde ileile.

Tuseme pikipiki imesimama na kamera iko mita 10 nyuma yake. Baada ya nusu sekunde, kwenye kompyuta ya mtunzi zimebaki sentimita 42. Kwenye simu bado zimebaki mita 2 na zaidi kidogo. Kwenye skrini ya fremu 144 zimebaki milimita 5 tu. Kodi ni ileile, lakini wachezaji watatu wanacheza gemu tatu.

Pikipiki ikiwa mwendoni, tofauti huonekana hata kwa asiyejua hesabu. Iwe inakwenda mita 10 kwa sekunde, sawa na kilomita 36 kwa saa. Kwenye simu ya fremu 30 inasogea sentimita 33 katika kila fremu. Kamera itaendelea kuachwa mpaka sehemu ya kumi ya pengo ilingane na sentimita hizo 33; hapo ndipo mbio zao zinapolingana, na picha inapochorwa kamera iko mita 3 nyuma. Kwa fremu 60 pengo hilo ni mita moja na nusu. Kwa fremu 144 ni sentimita 62 au 63.

Baya zaidi ni pale kasi ya fremu inapobadilika katikati ya mchezo. Magari yanajaa barabarani, moshi unatanda, simu inalemewa na kushuka kutoka fremu 60 hadi 30. Mara pikipiki inaonekana kama imechomoka mbele, ingawa dereva hajagusa mafuta. Moshi ukiisha, kamera inamsogelea tena. Mchezaji hulaumu uendeshaji wa pikipiki, na mtunzi hupekua kodi ya injini ya pikipiki, ilhali kosa limekaa kwenye kamera.

Wengi wakiligundua hili hukimbilia dawa ya kwanza inayokuja akilini. Injini za gemu humpa mtunzi muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, ambao kwa kawaida huitwa `dt`. Kwa fremu 60 ni sehemu moja ya 60 ya sekunde. Basi wanazidisha:

```
x = lerp(x, lengo, 6 * dt)
```

Kwa fremu 60, sita mara `dt` ni 0.1 ileile. Kwa fremu 30 inakuwa 0.2. Fremu ni nusu, hatua ni mara mbili, na hesabu inaonekana imefungwa.

Haijafungwa, na mkopeshaji wetu anajua kwa nini. Ukidaiwa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, mwisho wa mwezi deni ni 110,000. Akigawa kumi hiyo kwa wiki nne na kukutoza asilimia 2.5 kila wiki, juu ya deni lililokwisha kuvimba, utajikuta unadaiwa 110,381. Riba imezaa riba. Kwa kamera mambo huenda kinyumenyume, kwa sababu deni linapungua. Hatua ya kwanza inaacha 0.9 ya masafa. Hatua ya pili inaacha 0.9 ya hiyo 0.9, yaani 0.81. Kwa hiyo fremu moja ndefu inayotaka kuziba nafasi ya fremu mbili fupi haipaswi kukata 0.2, bali 0.19.

Tofauti ya 0.01 inaonekana ndogo, na katika hali ya kawaida ni ndogo kweli. Katika jaribio letu la mita 10, dawa hii inaacha sentimita 35 kwa fremu 30, sentimita 42 kwa fremu 60 na 47 kwa fremu 144. Gemu nyingi zimeuzwa zikiwa hivyo. Hata `FInterpTo`, kifaa kilichomo ndani ya injini ya Unreal kwa kazi hiihii, huzidisha kasi kwa muda wa fremu kwa namna hii, kisha kikazuia jibu lisivuke 1.

Kizuizi hicho kina sababu. Simu ikikwama kwa robo sekunde, labda inapakia ramani, sita mara 0.25 ni 1.5. Kamera iliyokuwa mita 10 nyuma ya pikipiki itaruka hadi mita 5 mbele yake. `Mathf.Lerp` ya Unity nayo hukata namba ikizidi 1, hivyo kamera hunatia palepale kwenye pikipiki. `lerp` ya Godot haikati. Mkwamo ukizidi theluthi moja ya sekunde katika kila fremu, namba huvuka 2, na kamera isiyo na kizuizi hurukaruka mbele na nyuma, kila mruko mkubwa kuliko uliotangulia.

Dawa kamili inatoka kwenye ile 0.81. Kama kila sehemu ya 60 ya sekunde inaacha 0.9, basi muda wowote ule unaacha 0.9 iliyozidishwa kwa nafsi yake mara nyingi kadiri sehemu hizo zilivyo ndani ya muda huo. Kwa lugha ya kodi ni `pow(0.9, 60 * dt)`. Wanahisabati hupenda kuandika kitu hichohicho kwa `exp`:

```
x = lengo + (x - lengo) * exp(-k * dt)
```

Kwa kamera yetu `k` ni 6.32. Uzuri wa mstari huu ni kwamba muda unaweza kukatwa vipande vyovyote. Fremu moja ya sehemu ya 30, mbili za sehemu ya 60, au mseto wa ndefu na fupi: ukizidisha mabaki yao, jibu ni lile moja. Mkwamo mrefu hauisukumi kamera kupita lengo, kwa sababu `exp` ya namba hasi haishuki kamwe chini ya sifuri.

Anayesumbuliwa na 6.32 anaweza kutaja muda wa nusu, yaani sekunde zinazohitajika ili masafa yabaki nusu. Anaandika `pow(0.5, dt / h)` mahali pa `exp`, na kwa kamera yetu `h` ni sekunde 0.11. Msanii asiyepatana na fomula anaielewa namba hiyo mara moja: akitaka kamera nzito, anaiongeza hadi 0.3.

Hesabu hii haikuzaliwa kwenye gemu. Robert Goodell Brown, aliyefanya kazi na Jeshi la Majini la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliitumia katika ufuatiliaji wa nyambizi, na katika miaka ya 1950 akaipeleka kwenye ubashiri wa mahitaji ya vipuri ghalani. Makadirio mapya ni sehemu ya takwimu ya leo pamoja na sehemu iliyobaki ya makadirio ya jana: ni `lerp` ileile, na ndio unaoitwa ulainishaji wa kipeo. Ghalani mtu aliweza kutumia 0.1 bila wasiwasi, kwa kuwa takwimu zilifika kwa vipindi vilivyo sawa, mwezi baada ya mwezi. Fremu za gemu hazina ahadi hiyo.

Wapo wanaoihamishia kamera kwenye mzunguko wa fizikia, ambao katika Unity huenda mara 50 kwa sekunde bila kubadilika. Hapo 0.1 inapata maana moja. Lakini skrini inayochora mara 60 italazimika kurudia mahali palepale pa kamera katika baadhi ya fremu, na mwendo unakuwa wa kushtuka-shtuka.

Kupima ni rahisi. Punguza kasi ya gemu kwa makusudi, kwa `Application.targetFrameRate` katika Unity au `Engine.max_fps` katika Godot, kisha chapisha masafa yaliyobaki baada ya nusu sekunde. Kwa pikipiki iliyosimama, fomula ya `exp` inatoa sentimita 42 kwa fremu 30, 60 na 144 pia. Ukiwa kwenye kodi, tafuta pia mstari kama `v *= 0.98`, unaopunguza mwendo kana kwamba ni msuguano. Ni kosa lilelile katika vazi jingine, na hutibiwa kwa `pow(0.98, 60 * dt)`.

Pikipiki ikiwa mwendoni, hata hivyo, namba hazitalingana kabisa. Pengo litakuwa mita 1.42 kwa fremu 30, 1.50 kwa 60 na 1.55 kwa 144. Fomula hudhani kwamba lengo lilikuwa limesimama mahali lilipo sasa kwa fremu nzima, kumbe lilikuwa njiani likija, na fremu ikiwa ndefu dhana hiyo hukosea zaidi. Sentimita hizo 13 ndizo zinazobaki kati ya simu ya bei nafuu na skrini ya fremu 144, mahali ambapo mwanzoni palikuwa na zaidi ya mita mbili.