Saa Moja ya Dizaina Ni Shilingi Ngapi?

Mwaka wangu wa tatu wa kufanya kazi ya dizaini nikiwa nimejiajiri, kompyuta ilizima katikati ya kazi na haikuwaka tena. Fundi aliifungua, akaniambia mazabodi imeungua na kwamba kuitengeneza ni kupoteza hela. Nilikuwa nimefanya kazi miezi yote bila kukosa wateja, tena nyingine za usiku, lakini sikuwa na akiba ya kununua hata kompyuta iliyotumika. Nikakopa. Nilipokaa chini kupiga hesabu za miaka ile mitatu ndipo nilipoelewa kilichotokea: kompyuta ilikuwa inalika kidogo kidogo katika kila kadi na kila kipeperushi nilichotengeneza, na katika bei niliyokuwa nikitoza hapakuwa na hata shilingi moja ya kuirudisha.

Kosa langu ndilo ninaloliona kwa vijana wengi wanaoingia katika kazi hii. Mtu anajiuliza, kama ningeajiriwa ningelipwa kiasi gani kwa mwezi? Anasema laki tisa. Anaigawa kwa saa 160 za kazi za mwezi, anapata shilingi 5,625 kwa saa, na hiyo anaifanya bei yake. Inaonekana ni hesabu safi, lakini ina matundu matatu: vifaa, saa zisizolipwa na miezi ya ukame. Tuyapitie kwa mfano wa dizaina anayefanyia kazi nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Tarakimu ni za mfano, weka za kwako.

Tuanze na fedha anazohitaji kwa mwaka mzima. Laki tisa kwa mwezi ni za kuishi: kodi ya nyumba, chakula, nauli, matibabu, na kile anachotuma nyumbani. Kwa mwaka ni milioni 10.8. Halafu vifaa. Kompyuta ya milioni 2.4 inayotegemewa kudumu miaka mitatu inakula shilingi 800,000 kila mwaka, iwe imeharibika au haijaharibika. Programu za kulipia kwa mwezi zinafika 840,000 kwa mwaka, bando 720,000, umeme wa kazi 240,000. Nakala za majaribio na nauli za kwenda matbaa Kariakoo na kwa wateja, 600,000. Jumla ya vifaa na gharama za kazi ni milioni 3.2. Nimeongeza milioni 1.8 kama makadirio ya kodi ya mapato na leseni. Yote kwa pamoja ni milioni 15.8.

Sasa upande wa pili wa hesabu, ambao ndio mgumu: ana saa ngapi za kuuza?

Mwaka una wiki 52. Ondoa nne za sikukuu, ugonjwa, misiba na mapumziko, zinabaki 48. Anafanya kazi saa 40 kwa wiki, lakini siyo zote mteja anazilipia. Saa tano zinakwenda kwenye simu, meseji na kuandika makadirio ya bei, na nyingi ya hizo ni kwa watu ambao hatimaye hawaleti kazi. Saa tatu ni za kuandika ankara na kufuatilia malipo. Nne ni za barabarani, matbaa na vikaoni. Mbili ni za mahesabu, kupanga mafaili na kuhifadhi nakala. Mbili zinabaki za kujifunza na kutafuta kazi mpya. Hizo ni saa 16. Za kudizaini, ambazo mteja atazikubali kwenye ankara, ni 24.

Watu hubisha nikitaja 24. Wanasema mtu mwenye bidii huuza zaidi. Mimi pia nilibisha, mpaka nilipoandika kwenye daftari, kwa wiki sita, kila nilichokifanya tangu asubuhi na muda kilionichukua. Aliyeajiriwa anapokaa kikaoni au anapomsubiri bosi asaini barua, mshahara wake unaendelea kuhesabika. Aliyejiajiri anapomsubiri mhasibu wa mteja asaini hundi, hakuna anayemlipa kwa kusubiri huko. Saa hizo ni kazi halisi, na kwa kuwa haziwezi kuandikwa kwenye ankara, bei ya zile zinazoandikwa ndiyo lazima izibebe.

Wiki 48 mara saa 24 ni saa 1,152. Bado miezi ya ukame.

Katika dizaini ya mjini, ukame una kalenda yake, na anayeijua hashtuki. Sehemu kubwa ya kazi ndogondogo ni kadi za michango na kadi za mwaliko wa harusi. Kwaresima na Ramadhani zikiingia, harusi husimama. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza, hivyo Wakristo na Waislamu walisimamisha sherehe kwa wakati mmoja. Dizaina aliyetegemea kadi peke yake alikaa mwezi mzima akiangalia simu. Upande wa taasisi za serikali, mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni. Mei na Juni vitabu vya ripoti na mabango hutakiwa kwa haraka, kisha Julai huwa kimya mpaka fedha mpya zianze kutoka. Oktoba hadi Desemba ni msimu wa kalenda na shajara, mtu halali. Januari kila mfuko umebanwa na ada za shule.

Tuseme wiki 12 za mwaka zinaleta nusu tu ya kazi. Zinapotea saa 144, zinabaki 1,008. Tuziite 1,000. Milioni 15.8 kugawa kwa 1,000 ni shilingi 15,800 kwa saa.

Linganisha na ile 5,625 ya mwanzo. Ni karibu mara tatu, na bado hajaongeza anasa yoyote: maisha ni yaleyale ya laki tisa. Tofauti yote ni gharama ambazo zilikuwepo tangu mwanzo, ila alikuwa akizilipa kwa usingizi, kwa mikopo, na kwa kompyuta inayozeeka bila mrithi. Hiyo 15,800 ndiyo sakafu. Chini ya hapo anakula mtaji. Mimi humshauri mtu aongeze kama asilimia kumi kwa ajili ya wateja watakaopotea bila kulipa, kwa hiyo tufanye bei ya kazi iwe 17,500.

Mteja wa huku, hata hivyo, hapendi kusikia bei ya saa. Anataka kujua kazi nzima ni kiasi gani, na ana haki. Bei ya saa ni ya daftari lako, bei ya kazi ndiyo ya mteja. Chukua kijarida cha kurasa 12 cha chama cha kuweka na kukopa. Dizaina anakadiria saa sita za kubuni mwonekano, 16 za kupanga kurasa, sita za marekebisho ya awamu mbili, na mbili za kuandaa faili la matbaa. Ni saa 30, yaani shilingi 525,000. Kwa kuwa makadirio yetu karibu siku zote huwa ya matumaini, anaongeza kidogo na kutaja 600,000.

Hapa kuna saa moja ambayo dizaina lazima aijue. Laki sita ukiigawa kwa sakafu ya 15,800 unapata saa 38. Kuanzia saa ya 39, ni dizaina anayemlipia mteja. Awamu ya tatu na ya nne ya marekebisho, mwenyekiti anapotaka picha yake ikuzwe na katibu anapoleta maandishi mapya baada ya kurasa kupangwa, ndiyo inayoivusha kazi hapo. Ikifika saa 45, kila saa imeleta 13,333 tu. Ndiyo maana barua ya makubaliano lazima iseme wazi: marekebisho ni awamu mbili, maandishi yaletwe yakiwa kamili, na kila awamu ya ziada ina bei yake. Iseme pia kwamba nusu ya malipo hutangulia kabla kazi haijaanza. Advansi hiyo pia hukuonyesha mapema mteja atalipaje, kwa sababu anayezungusha advansi atazungusha na malizio.

Mteja akisema ana laki nne tu, usipunguze bei ya saa. Punguza kazi. Mwambie kwa laki nne nitakupa kurasa nane kwa mwonekano ambao tayari ninao, awamu moja ya marekebisho. Akikubali, kila mmoja amepata alichokilipia. Akikataa, umebaki na saa 30 za kuuza kwingine. Na usishushe bei kwa sababu ni Machi na simu iko kimya. Aliyelipa nusu bei mwezi Machi atarudi Oktoba akiwa na bei hiyo kichwani, tena atakuwa amewaambia wenzake.

Zipo kazi ambazo soko halitailipa sakafu yako, na hesabu hii itakuonyesha bila kukuficha. Kadi ya harusi ya shilingi 30,000 inayokula saa nne inaleta 7,500 kwa saa. Huwezi kumtoza bwana harusi laki moja, jirani anamfanyia kwa thelathini. Unachoweza ni kuandaa mitindo kumi mapema, katika wiki zile za ukame, ili kadi imalizike kwa saa moja na nusu. Hapo kadi ileile inaleta 20,000 kwa saa. Kama haiwezekani, kazi hiyo iache.

Fedha zikiingia, jilipe laki tisa zilezile kila mwezi, Novemba kama Machi, na ziada ikae kwenye akaunti nyingine usiyoishika kila siku. Mteja akiwa kampuni, usishangae laki sita ikifika ikiwa 570,000. Sheria ya Tanzania inamtaka azuie asilimia tano ya malipo ya huduma. Hizo 30,000 hazijapotea, zinahesabiwa katika kodi yako ya mwaka, mradi uwe na cheti cha kodi ya zuio. Kidai siku ileile, kwa maandishi, na ukitunze.

Bei yako iliyopo sasa waachie wateja wa zamani kwa miezi miwili ukiwa umewajulisha, na mteja mpya wa kesho mtajie iliyo sahihi. Kabla ya hapo, nunua daftari la shilingi elfu moja uandike saa zako kwa wiki sita, za dizaini upande mmoja, za kusubiri na kufuatilia upande wa pili. Usitaje bei yoyote mpya mpaka upande wa pili umeujumlisha.