Namba moja inapandisha kodi mara mbili

Ukiingiza pompe ya maji ku Kasumbalesa, fuata hesabu hivi. Pompe dola 900, transporti 80, asiransi 20: jumla 1.000. Watu wa duane wanahesabia juu ya jumla hiyo, hapana faktire peke yake.

Namba ya tarife ndiyo inaonyesha kodi ya kuingiza. Ya pompe inaanza na 8413. Tuseme kodi ni 10%: dola 100. Kisha TVA ya 16% inahesabiwa juu ya 1.100: ni 176. Yote 276.

Lakini deklara akiandika namba ya kitu kingine chenye 20%, kodi ni 200, na TVA inapanda vilevile: 192. Yote 392! Basi mbele ya kulipa, soma namba ile kwanza.