Mlango wa Piruvati: Safari ya Wali, Maharage na Nazi Mwilini

Aliyekula daku ya wali na maharage ya nazi ana sura nzima ya kitabu cha lishe kwenye sahani moja. Wali ni wanga, maharage yana protini, na tui ni mafuta. Tumboni kila kimoja humeng'enywa kivyake, lakini vikitakiwa kutoa nishati karibu vyote hukutana kwenye kituo kimoja kinachoitwa asetili-koenzaimu A. Hapa tutakiita asetili. Ramani yake ni hii:

- Wanga → glukosi → piruvati → asetili
- Mafuta → asidi za mafuta → asetili
- Protini → asidi amino → piruvati, asetili au mzunguko wa Krebsi
- Asetili → mzunguko wa Krebsi → nishati, hewa ya ukaa na maji

Glukosi ina kaboni sita, nayo hukatwa kuwa piruvati mbili za kaboni tatu. Piruvati ikiingia kwenye mitokondria, yaani jiko la seli, huondolewa kaboni moja na kuwa asetili. Asidi za mafuta hukatwa kaboni mbilimbili, na kila kipande huwa asetili. Asidi amino huvuliwa naitrojeni kwanza, ambayo ini huigeuza kuwa urea ya kutoka na mkojo.

Jambo kubwa kwenye ramani hii ni kwamba mshale wa piruvati kwenda asetili ni mlango wa upande mmoja: haurudi nyuma. Mwili hauwezi kuichukua asetili ya mafuta ukaitengeneza glukosi. Katika mafuta ni hasa gliseroli, sehemu ndogo inayobeba asidi za mafuta, inayoweza kugeuzwa hivyo.

Mfungaji wetu hapati shida. Ini lake lina akiba ya glaikojeni ya gramu 100 hivi, nayo hulisha damu glukosi hadi futari. Lakini tuseme futari haikuja, wala chakula cha kesho. Baada ya siku moja hivi akiba ya ini huwa imekwisha, na ubongo wa mtu mzima hutaka takriban gramu 120 za glukosi kwa siku. Mafuta yapo tele, lakini mlango umefungwa. Kwa hiyo mwili huanza kubomoa misuli ili ini ligeuze asidi amino kuwa glukosi. Baada ya siku kadhaa ini huongeza ketoni zitokanazo na mafuta, ubongo huzizoea, na ubomoaji hupungua. Haukomi. Njaa ya namna hii ikimwandama mtoto, hubaki ngozi na mifupa, na hiyo ndiyo marasmasi.

Mlango huo pia una ufunguo, nao ni vitamini B1, yaani thiamini. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Java, daktari Mdachi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakilegea miguu, kisha wakipona walipopewa mchele wenye kapi. Kapi ndilo lililokuwa na thiamini. Bila thiamini, piruvati hurundikana na kugeuka asidi laktiki, huku moyo na neva zikikosa nishati. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii akipewa dripu ya glukosi peke yake anaweza kuzidiwa: wanga umeongezwa, na mlango bado umefungwa.

Jedwali hili laonyesha kila ugonjwa unakwamisha wapi.

| Ugonjwa | Kinachokosekana | Kinachoharibika | Dalili |
|---|---|---|---|
| Marasmasi | Nishati yote | Misuli na mafuta huliwa na mwili | Kukonda sana, uso wa kizee |
| Kwashakoo (unyafuzi) | Protini, pamoja na mambo mengine | Ini hushindwa kusafirisha mafuta na kuunda albumini ya kutosha | Miguu kuvimba, nywele kufifia, ngozi kubabuka |
| Upungufu wa mafuta muhimu | Asidi linoleiki | Utando wa seli | Ngozi kavu yenye magamba |
| Beriberi | Thiamini | Piruvati kuwa asetili | Ganzi, udhaifu, moyo kushindwa |
| Pelagra | Niasini na triptofani | Usafirishaji wa elektroni | Vidonda vya ngozi juani, kuhara, kuchanganyikiwa |

Kwashakoo ndiyo humdanganya mzazi. Daktari Cicely Williams alilipeleka jina hilo kwenye vitabu mwaka 1935, akilitoa kwa Waga wa Ghana ya leo, ambao waliuita hivyo ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa baada ya kuzaliwa mwingine. Watafiti wa sasa hawaulaumu upungufu wa protini peke yake, lakini maji yanayojaa mwilini bado humfanya mtoto aonekane mnene. Kliniki hubonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa sekunde tatu. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, ule unene ni maji, na mtoto anahitaji matibabu hata kama mizani inasema yuko sawa.