Seti ya Chai Imefika Imevunjika: Namna ya Kudai Pesa kwa Muuzaji wa Ng'ambo

Sisi tunaoishi Landani tunaagiza mtandaoni vyombo vya harusi, vitambaa, mapazia na vifaa vya simu kutoka kwa wauzaji ambao hatutaonana nao maishani. Mzigo ukifika umevunjika, swali huwa ni moja: nitampataje mtu aliye nchi nyingine anirudishie pesa yangu? Jibu fupi ni kwamba mara nyingi huhitaji kumpata. Aliyeshika ufunguo ni benki yako hapa Uingereza, na benki inafunguliwa na ushahidi. Nitaeleza kwa kisa cha wifi yangu wa Barking, ambaye nilimsaidia kukusanya karatasi zake hadi mwisho.

Wifi alikuwa na harusi ya binti yake. Kwa pesa ya upatu alinunua seti ya chai ya kauri kwenye tovuti ya muuzaji wa nje: birika, kibakuli cha sukari, vikombe 12 na visahani 12. Bei ilikuwa pauni 128, na usafiri pauni 14, jumla pauni 142. Alilipa kwa kadi ya mkopo, moja kwa moja kwa muuzaji. Sanduku lilipofunguliwa, mdomo wa birika ulikuwa umekatika na vikombe vitano vilikuwa vipande.

Picha kabla ya gundi na ufagio

Alinipigia simu akisema, "Wifi, nimeshavikusanya niwatupie taka." Nikamwambia aviache palepale, nikaenda.

Mtu atakayeamua madai yako hajawahi kuliona sanduku lako. Yeye anataka majibu ya maswali matatu: uliahidiwa nini, hiki kilichovunjika ndicho kilichotoka kwenye mzigo ule, na kimevunjika kabla hujakabidhiwa? Kila picha ijibu mojawapo ya maswali hayo, na picha isiyojibu lolote iache.

Tulianza na sanduku kwa nje, pande zote sita, na moja ya karibu inayoonyesha lebo yenye jina lake na namba ya ufuatiliaji. Kisha tukapiga vilivyokuwa ndani jinsi vilivyofungwa. Hapa ndipo penye uzito, kwa sababu sanduku lenyewe halikuwa na kovu. Ndani, kila kikombe kilifungwa karatasi moja nyembamba, na vikombe vilikuwa vinagusana bila kizuizi katikati. Picha hiyo peke yake ilieleza chanzo: walifunga vibaya. Mwisho tukapanga vipande vyote kwenye meza na lebo ya sanduku ikiwa ndani ya picha hiyohiyo, ili asiwepo wa kusema ni vikombe vya zamani. Kila kilichovunjika kikapigwa picha yake pia.

Baadaye tukahifadhi picha za skrini za ukurasa wa bidhaa, kwa kuwa muuzaji anaweza kuubadilisha au kuuondoa wakati wowote. Tukaweka na uthibitisho wa oda, risiti, na taarifa ya msafirishaji inayoonyesha siku mzigo ulipofika.

Angalizo moja kwa wanaotumiana picha kwa WhatsApp: programu hiyo hupunguza ubora wa picha na kuondoa taarifa za siku na saa zilizofichwa ndani yake. Tunza zile za asili kwenye simu iliyopiga. Unapotuma kwa baruapepe, zipe majina yanayoeleweka na kwa mpangilio:

```
01-lebo.jpg
02-ndani-ya-sanduku.jpg
03-birika.jpg
04-vikombe-vitano.jpg
05-ukurasa-wa-bidhaa.png
06-risiti.pdf
```

Gmail haitumi viambatisho vinavyozidi MB 25 kwa barua moja. Picha zikiwa nzito, zigawe kwenye barua zaidi ya moja.

Barua kwa muuzaji

Hata kama unajua muuzaji hatalipa, mwandikie kwanza. Benki itauliza ulimwambia nini na alijibu nini. Barua ya wifi tuliiandika kwa Kiingereza, na maana yake ilikuwa hii:

"Oda namba fulani imenifikia jana. Birika na vikombe vitano vimevunjika, kama picha 01 hadi 04 zinavyoonyesha. Bidhaa haina ubora uliokubaliwa. Ninaikataa seti yote na ninaomba nirudishiwe pauni 142 kwenye kadi niliyolipia, ndani ya siku 14. Kama mnataka vyombo virudi, nitumieni lebo ya kurudishia mliyoilipia nyinyi. Seti nimeihifadhi pamoja na sanduku lake."

Hakuna tusi wala habari za harusi. Kuna kitu, kasoro, ushahidi, kiasi na siku ya mwisho. Neno "ninaikataa" halikuwekwa kwa bahati. Chini ya Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015, mnunuzi ana siku 30 za kukataa bidhaa yenye kasoro na kudai pesa yote. Zikipita siku hizo haki haiishi, ila muuzaji anapata kwanza nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha. Wauzaji wengine huandika kwamba malalamiko yaletwe ndani ya saa 48. Sharti la namna hiyo haliwezi kufuta siku zako 30 za kisheria, lakini andika mapema hata hivyo, maana malalamiko ya siku ya pili yanaaminika kuliko ya siku ya ishirini.

Majibu matatu utakayoyapata

Muuzaji alijibu mara tatu, na majibu yake ndiyo yanayowapata wengi.

La kwanza: "Waulize wasafirishaji, sisi tulituma kizima." Sheria hiyohiyo inasema hatari ya mzigo inabaki kwa muuzaji mpaka ufike mikononi mwako. Ugomvi wake na msafirishaji ni wake. Lakini kuna mlango mmoja wa kuangalia, na unatuhusu sana sisi: ukimchagua wewe mwenyewe wakala wa mizigo ambaye muuzaji hakumpendekeza, basi hatari inahamia kwako mara muuzaji anapomkabidhi wakala wako.

La pili: "Rudisha kwa gharama yako, tukague." Kurudisha seti ile kulikuwa na bei ya pauni 46. Bidhaa ikiwa na kasoro, gharama ya kawaida ya kuirudisha ni ya muuzaji. Usitume kitu ng'ambo kabla ya makubaliano ya maandishi, kwa kuwa vyombo vikiondoka na pesa isirudi, ushahidi wako mkubwa umekwenda navyo.

La tatu lilikuwa tamu: "Tukurudishie asilimia 15 na tuyamalize." Hiyo ni pauni 19 na senti 20. Kwa anayependa kubaki na vyombo huenda ikamfaa, ila neno la hatari ni "tuyamalize". Ukikubali na kufunga malalamiko, benki inaweza kuona kwamba mmekwisha patana. Wifi alijibu kwa mstari mmoja: "Sikubali, naomba pesa yote kama nilivyoandika." Siku 14 zikapita kimya.

Benki: milango miwili tofauti

Hapa ndipo aina ya kadi inapoamua mambo.

Mlango wa kwanza ni kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo kwa Walaji ya 1974. Kwenye programu ya benki utakiona kimeandikwa `Section 75`. Ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu ambacho bei yake inazidi pauni 100 na haizidi 30,000, benki inawajibika pamoja na muuzaji. Mwaka 2007 mahakama ya juu kabisa ya wakati huo, Baraza la Malodi, iliamua kwamba kifungu hiki kinafanya kazi hata muuzaji akiwa nje ya Uingereza. Kinachopimwa ni bei ya kitu kimoja, si jumla ya kapu. Seti ya wifi iliuzwa kama kitu kimoja kwa pauni 128, ikapita. Angenunua vikombe 12 kimoja kimoja kwa pauni 9, jumla ingekuwa 108, na kifungu kisingemsaidia.

Kifungu hiki pia kinataka mnyororo ulionyooka: mwenye kadi, benki, muuzaji. Soko la mtandaoni au PayPal wakiingia katikati, mnyororo unaweza kukatika. Vivyo hivyo mke akitumia kadi ya ziada ya akaunti ya mumewe kujinunulia kitu chake.

Mlango wa pili ni `chargeback`, yaani benki kuivuta pesa kutoka benki ya muuzaji. Huu ndio wa wanafunzi na wote wenye kadi ya debiti, na hauna kima cha chini cha pauni 100. Si sheria bali ni kanuni za Visa na Mastercard, na kwa kawaida muda wake ni siku 120. Muuzaji anapewa nafasi ya kupinga, kwa hiyo picha zako lazima zisimame zenyewe.

Kama ulilipa kupitia PayPal, fungua mgogoro huko ndani ya siku 180 tangu kulipa, kisha uupandishe kuwa dai ndani ya siku 20, la sivyo unafungwa. Aliyetuma pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya muuzaji hana milango hii.

Wifi alipeleka faili moja: mukhtasari wa nusu ukurasa wenye tarehe, picha, risiti, na barua zote na majibu yake. Benki iliuliza swali moja tu, kama vyombo bado anavyo. Wiki ya tano pauni 142 zilirudi kwenye kadi.

Benki ikikataa, peleka malalamiko rasmi kwa benki yenyewe. Ina wiki 8 za kutoa jibu la mwisho. Usiporidhika, una miezi 6 tangu jibu hilo kwenda kwa msuluhishi wa mambo ya fedha, `Financial Ombudsman Service`, na hulipi kitu. Anayetaka kuongea na mtu kabla ya kuandika, `Citizens Advice` wana simu ya walaji, 0808 223 1133, nayo ni ya bure.

Na vile vipande? Viache ndani ya sanduku lake, juu ya kabati, mpaka benki au muuzaji aseme kwa maandishi kwamba havihitaji. Wifi alilalamika kuwa vinamjazia chumba. Lakini swali pekee la benki lilikuwa juu ya vipande hivyo, na alikuwa navyo.