Kwa nini paa jepesi hung'oka: hesabu ya uzito, watu na upepo

Paa likiezuliwa, wengi wetu husema upepo ulikuwa mkali kupita kiasi. Mara nyingi ni kweli, lakini mara nyingine paa lilitayarishwa kubeba mzigo wa kushuka tu, na mvuto wa kwenda juu haukupigiwa hesabu.

Wahandisi hugawa mizigo ya paa mara tatu. Wa kwanza ni uzito wa paa lenyewe: bati, papi na kenchi. Wa pili ni mzigo wa kuja na kuondoka, kama fundi aliyepanda kuziba tundu. Wa tatu ni upepo, ambao ukipita juu ya paa huweza kulivuta kwenda juu.

Kwa kuwa hakuna anayejua mizigo hii kwa uhakika, kila mmoja huzidishwa kwa namba ya usalama. Katika kanuni za Kiingereza BS 8110, ambazo zimetumika sana Afrika Mashariki, uzito wa jengo huzidishwa kwa 1.4. Mzigo wa watu huzidishwa kwa 1.6, kwa sababu hautabiriki sana.

Tuchukue mfano wa paa la bati, kwa kila mita moja ya mraba. Paa lina kilo 30, watu kilo 60, na upepo unavuta juu kilo 80. Mzigo wa kushuka ni 1.4 × 30 + 1.6 × 60, yaani kilo 138. Hizo ndizo kenchi zinapaswa kuzibeba bila kuvunjika.

Sasa tugeukie upepo. Hapa uzito wa paa unatusaidia, kwa kuwa unalikalisha chini. Tukiuzidisha kwa 1.4 tutajipa msaada ambao huenda haupo, kwa hiyo unazidishwa kwa 1.0 tu, na upepo kwa 1.4. Tunapata 30 toa 112: paa linavutwa juu kwa kilo 82.

Na fundi je? Tunamwacha nje ya hesabu hii. Tukijumlisha yote matatu kwa 1.2 kila moja, tunapata 36 + 72 − 96, yaani kilo 12 za kushuka, kana kwamba paa limetulia. Lakini dhoruba ikija, hakuna mtu juu ya paa.

Kama paa lina upana wa mita 6 na kenchi zimepishana mita 1.5, kila ncha ya kenchi inashikilia mita za mraba 4.5. Hapo mvuto ni takriban kilo 370. Misumari miwili ya kupigilia juu ya ukuta si ya kutegemea kwa nguvu hiyo. Kenchi ifungwe kwa utepe wa chuma uliozamishwa ndani ya mkanda wa zege, nao mkanda ushikwe na ukuta.

Kilo 80 ni za mfano wetu. Sehemu ya wazi, kilimani, au baraza lisilo na ukuta, upepo huvuta zaidi. Unapojenga, muulize fundi wako: kenchi hii imefungwa na nini isiende juu?