Je, Wajua? Etajeri isiyo na bolti hukazwa na mzigo wenyewe

Duka la Salamabila, jirani na mgodi wa dhahabu wa Namoya, likiweka misumari na sururu kwenye etajeri ya chuma isiyo na bolti, uzito ndio unaoikaza. Pini za mhimili huingia kwenye tundu pana juu, jembamba chini. Gonga kwa nyundo ya mpira, kisha kila kilo huzidi kuzisukuma chini. Ukiusukuma mhimili kwenda juu, hata kwa bega tu, unaweza kuchomoka.

Hatari kubwa iko sakafuni. Rafu nne za kilo 150 ni kilo 600, yaani kilo 150 kwa kila mguu. Mguu mmoja ukining'inia, karibu mzigo wote huangukia miwili iliyokabiliana kwa pembe, takriban kilo 300 kila mmoja.

Kwa hiyo sawazisha kabla ya kupanga bidhaa: pima maji juu ya mihimili, timazi kwenye nguzo. Kwenye udongo, mguu wa sentimita 4 kwa 4 huzama. Uweke juu ya kibao kigumu cha 20 kwa 20, eneo likue mara 25. Kagua tena baada ya siku chache, kwani udongo hushuka polepole.