Asilimia 65 Isiyo 65

Kwenye drafti, ukila umekula. Kete ya mwenzako ikiwa wazi na nyuma yake pana nafasi, hakuna anayesema labda. Michezo ya kompyuta ya vita vya zamu, inayochezwa juu ya uwanja wa miraba, imefuata njia nyingine. Askari wako amesimama, adui yuko mbele yake, mnatazamana, na bado risasi inaweza kukosa. Kabla hujabonyeza, skrini inakuandikia namba: 65%. Namba hiyo ndiyo inayowafanya watu wazima warushe kipanya mezani.

Nitaufuata mchezo mmoja ninaoufahamu vizuri, XCOM 2, uliotengenezwa na kampuni ya Kimarekani ya Firaxis na kutoka mwaka 2016. Unaongoza kikosi kidogo cha watu dhidi ya wavamizi kutoka anga za mbali. Tuchukue zamu moja: askari wako watatu, wote wapya, wamepanda juu ya paa. Chini, upande wa pili wa barabara, adui mmoja amejibanza nyuma ya gari.

Hesabu ya kila risasi huanza na shabaha ya askari mwenyewe. Askari mpya ana shabaha ya 65, maana yake adui akiwa wazi kabisa, mahali tambarare, na umbali usiongeze wala kupunguza kitu, risasi 65 kati ya 100 zingempata. Gari lile ni kinga nusu, kwa kuwa linaishia kiunoni, na kinga nusu inaondoa 20. Ukuta mrefu au nguzo nene ni kinga kamili, na inaondoa 40. Kuwa juu ya paa kunarudisha 20. Kwa hiyo 65 toa 20 jumlisha 20, na skrini inaandika 65.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona. Kinga haigawi, inatoa. Kwa askari mpya aliye chini barabarani, adui akiwa wazi anapatikana kwa risasi 13 kati ya 20. Akijibanza nyuma ya gari, 9. Akijificha nyuma ya nguzo, 5 tu. Lakini mpe bunduki mlenga shabaha hodari mwenye 100, na nguzo ileile itamwacha na 60, yaani risasi 12 kati ya 20. Nguzo iliyomkinga adui dhidi ya mgeni wa vita inamsaidia kidogo zaidi mbele ya fundi. Ndiyo maana mwanzoni mwa mchezo kuta zinaonekana kama ngome, na mwishoni askari wako wakishakomaa unaanza kuwapiga maadui nyuma ya kuta hizohizo bila kuhangaika.

Tena kinga ina upande. Kwenye uwanja wa miraba, gari halimfuniki adui mzima. Linafunika ukingo mmoja wa mraba aliosimama. Ukizunguka mpaka gari lisiwe tena kati yenu, ile 20 inafutika yote, na juu yake uwezekano wa kumjeruhi vibaya zaidi unapanda. XCOM 2 imekwenda mbele kidogo: hata kabla hujamfikia ubavuni, kadiri pembe yako inavyokaribia ubavu wake ndivyo kinga yake inavyopungua polepole.

Namba ikishapatikana, kompyuta huchagua nasibu namba moja kati ya 100. Ikiangukia ndani ya 65, umepiga. Ikizidi, umekosa. Ungetarajia hadithi iishie hapo, na kwenye ngazi ngumu kabisa ya mchezo huu, iitwayo Legend, huishia hapo kweli.

Tatizo liko kwa binadamu anayesoma namba hiyo. Sid Meier, mmoja wa waanzilishi wa Firaxis, alilieleza mwaka 2010 mbele ya watengenezaji wa michezo waliokutana San Francisco. Wachezaji waliomjaribia mchezo walipopewa vita vya nguvu tatu kwa moja kisha wakashindwa, walilalamika kwamba mchezo umekosea. Kwao tatu kwa moja ilimaanisha ushindi. Lakini wao walipokuwa ndio wanyonge, moja kwa tatu, na wakashinda, hakuna aliyelalamika. Ninaamini kila aliyecheza michezo hii atajitambua hapo. Risasi ya 85 ikikosa, tunahisi tumedhulumiwa, ingawa 85 maana yake ni kwamba risasi tatu katika kila 20 zitapotea.

Firaxis walijibu hisia hiyo kwa msaada wa siri. Tukicheza ngazi rahisi kabisa, Rookie, askari wa kwanza pale juu ya paa anaona 65 kwenye skrini. Mchezo, bila kumwambia, unaizidisha namba hiyo:

```
65 x 1.2 = 78
```

Namba ya nasibu inalinganishwa na 78. Tuseme amekosa hata hivyo. Mchezo unakumbuka. Askari wa pili anapolenga, skrini bado inaandika 65, lakini kwa sababu mwenzake amekosa risasi iliyokuwa na uwezekano wa 50 au zaidi, anaongezewa 10 na kufika 88. Naye akikosa, wa tatu angefika 98, ila msaada umewekewa dari ya 95, kwa hiyo anapiga kwa 95. Askari watatu, namba moja kwenye skrini, na uwezekano wa aina tatu chini yake. Mmoja wao akipiga, kumbukumbu ya makosa inafutwa. Kwa upande wa pili, maadui wakikupiga mfululizo nao hupunguziwa 10 kwa kila risasi iliyopata, na kikosi chako kikipoteza watu, waliobaki husaidiwa zaidi.

Sasa tazama ukubwa wa pengo. Kama 65 ingekuwa 65 ya kweli, askari wote watatu wangekosa mara 1 kati ya 23 hivi. Hilo litakutokea mara nyingi tu katika mchezo mrefu. Kwa msaada wa Rookie, linatokea mara 1 kati ya takriban 760. Unaweza kumaliza mchezo mzima usilione hata mara moja.

Siri hii haikuvuja kutoka kwa mtu. Namba zenyewe zimeandikwa kwa maandishi ya kawaida katika mafaili ya mipangilio ya mchezo, na wachezaji waliyafungua wakasoma.

Wajapani wa Intelligent Systems, watengenezaji wa Fire Emblem, walikwisha kufika mahali hapo kwa njia nyingine, na kwangu mimi njia yao ni nzuri zaidi kwa kuitazama. Katika mchezo wao wa mwaka 2002 kwa ajili ya Game Boy Advance, kompyuta haichagui namba moja. Inachagua mbili, kila moja kuanzia 0 hadi 99, inachukua wastani wake, kisha inalinganisha wastani huo na namba ya skrini.

Anayecheza kwa dadu mbili anajua kinachofuata. Saba hutoka mara kwa mara, kwa sababu kuna njia sita za kuipata. Mbili inahitaji moja na moja, na kumi na mbili inahitaji sita na sita. Wastani wa namba mbili nao hupenda kukaa katikati, karibu na 50, na huchukia pembeni. Ili ukose kwa 75, jumla ya namba zako mbili lazima ifike 150 au zaidi, yaani zote mbili ziwe kubwa kwa pamoja. Hilo ni gumu, kwa hiyo 75 ya skrini ni karibu 88 kwa kweli. 90 inakuwa 98. Na upande wa chini mambo yanageuka: 30 ya skrini ni 18 tu, na 10 ni 2.

Kanuni hii haimpendelei mtu yeyote kwa jina. Adui anaihesabu vilevile. Lakini katika michezo hiyo ni wewe unayezoea kushambulia kwa 80 na 90, na mashujaa wako wepesi ndio wanaolengwa kwa 10 na 20, kwa hiyo faida inakuangukia wewe. Pia inafanya namba zisomeke jinsi moyo unavyozisoma: kubwa ni hakika, ndogo ni ndoto.

Ninachoshindwa kukikubali ni upande wa XCOM 2, si kwa sababu msaada upo bali kwa sababu ya namba ya skrini. Mchezaji aliyekaa saa 60 kwenye Rookie amefundishwa, risasi baada ya risasi, kwamba 65 ni kitu cha kutegemea. Anapanda hadi Legend, anawaweka watu wake juu ya paa lilelile, skrini inaandika 65 ileile, na watatu wote wanakosa. Anaapa kwamba mchezo unamwibia. Kumbe ndiyo mara ya kwanza kusomewa namba ya kweli. Huenda akarudisha mchezo mahali alipouhifadhi ajaribu tena, na askari yuleyule akakosa tena kwa namna ileile, jambo linalomthibitishia wizi. Hapo napo sababu ni nyingine: mchezo umehifadhi pia mfululizo wa namba zake za nasibu, kwa hiyo tendo lilelile katika mpangilio uleule linapata namba ileile. Akimtanguliza askari mwingine apige kwanza, mfululizo unasogea na matokeo yanaweza kubadilika.

Anayetaka kujihakikishia ana njia ya daftari. Andika kila risasi ambayo skrini imeipa 65, na kando yake alama ya imepiga au imekosa. Usitegemee kumbukumbu, maana kumbukumbu inatunza makosa na kusahau yaliyopata. Risasi kumi hazisemi kitu. Zikifika 100, namba ya kweli ya 65 itakupa mapigo kati ya 55 na 75 karibu kila mara. Ukiona 80 na zaidi, kuna mkono unakusaidia chini ya meza.

Na pale juu ya paa, kwenye Legend, mpango unabadilika kabla ya risasi ya kwanza. Askari watatu wanatembea kandokando ya paa miraba michache, mpaka gari lisisimame tena kati yao na adui. Kinga imefutika, urefu wa paa bado upo, na skrini inaandika 85. Hiyo ni 85 kweli, na watatu wote watakosa kwa pamoja mara 1 kati ya takriban 300.